Waifai Imeshika, Tovuti Hazifunguki: Pima Ruta Yako kwa Hatua Tatu

Simu inaonyesha waifai imeshika na mistari imejaa hadi juu. Ujumbe wa WhatsApp unaingia kama kawaida. Lakini ukifungua tovuti ya benki au ya gazeti, ukurasa unabaki mweupe, kisha simu inakuambia haiwezi kuufikia. Wengi wetu hapo huzima ruta na kuiwasha, huzima simu na kuiwasha, halafu humgeukia mtoa huduma kwa lawama. Mara nyingine lawama hizo ni za haki. Mara nyingine intaneti imefika salama hadi kwenye ruta, na kilichokwama ni kitu kidogo unachoweza kukirekebisha mwenyewe.

Mwongozo huu unakuonyesha namna ya kujua ni lipi kati ya hayo mawili limekupata. Vipimo ni vitatu, vyote vinafanyika kwa simu uliyonayo mkononi, na kila kimoja kinakuambia njia imekatikia wapi.

Mistari ya waifai inapima nini

Mistari ile inapima kitu kimoja tu: nguvu ya mawimbi kati ya simu yako na ruta. Ukichomoa waya unaoleta intaneti nyuma ya ruta, mistari itabaki imejaa vilevile, kwa sababu ruta bado ina umeme na bado inarusha mawimbi. Njia ya data ina vipande viwili. Cha kwanza kinatoka kwenye simu hadi kwenye ruta, na hicho ndicho waifai. Cha pili kinatoka kwenye ruta hadi kwa mtoa huduma, na kutoka hapo kwenda duniani, na hicho ndicho intaneti. Kimoja kinaweza kuwa kizima na kingine kimekufa.

Simu yenyewe hujaribu kukikagua kipande cha pili. Android inapoungana na waifai huomba ukurasa mdogo ulioko `connectivitycheck.gstatic.com/generate_204`, na jibu inalolisubiri ni jibu tupu lenye namba 204. Lisipokuja, unaona alama ya mshangao kwenye waifai au maneno ya kukuarifu kwamba umeungana lakini hakuna intaneti. iPhone nayo huuliza `captive.apple.com` na kutarajia neno `Success`. Ila ukaguzi huu hufanyika unapoungana, kisha hurudiwa baada ya muda. Intaneti ikikatika katikati, simu inaweza kukaa kitambo ikikuonyesha hali iliyopita. Kwa hiyo alama ya mshangao ikionekana, iamini. Isipoonekana, bado pima.

Kwa nini WhatsApp ipite na tovuti zikwame

Kila kompyuta iliyoko kwenye intaneti inafikiwa kwa namba, mfano 1.1.1.1. Sisi hatuandiki namba, tunaandika majina. Kwa hiyo kabla kivinjari hakijafungua tovuti, lazima kiulize namba ya tovuti hiyo, na anayejibu swali hilo ni seva ya majina, yaani DNS. Ni sawa na orodha ya majina kwenye simu yako: orodha ikifutika, laini bado inapiga, ila huwezi kumpata mtu ambaye namba yake huijui kichwani.

Hapo ndipo programu na kivinjari vinapoachana. WhatsApp ikishaungana na seva zake huuacha muunganisho huo wazi kwa muda mrefu, na haihitaji kuuliza jina kila ujumbe unapoingia. Telegram ina namba za seva zake ndani ya programu yenyewe, hivyo inaweza kuungana hata seva ya majina ikiwa imelala. Kivinjari hakina nafuu hiyo. Kila tovuti mpya ni jina jipya, na ukurasa mmoja wa gazeti unaweza kuita majina kadhaa kwa mpigo: moja la habari, moja la picha, mengine ya matangazo. DNS ikifa, kivinjari ndicho cha kwanza kulia.

Sababu ya pili ni bando. Kama ruta yako inatumia laini ya simu, huenda bando la kawaida limekwisha na kilichobaki ni bando la mitandao ya kijamii. WhatsApp na Facebook zitapita, na kila kitu kingine kitagonga mwamba. Hapo DNS ni nzima kabisa, na dawa yake ni nyingine.

Sababu ya tatu ni kwamba programu hazifanyi kazi, zinaonekana tu zinafanya kazi. TikTok na Instagram hupakua video chache kabla hujazifikia, kwa hiyo utaendelea kutazama kwa muda baada ya intaneti kukatika. Na kama data ya simu iko wazi, Android na iPhone zote zina mipangilio inayoziruhusu kuhamia kwenye data pale waifai inapolegea. Unadhani waifai inafanya kazi, kumbe bando lako la simu linaliwa.

Kabla ya kupima, ondoa ushahidi wa uongo

Usizime ruta kwanza. Ukiizima, miunganisho iliyokuwa wazi inakatika, WhatsApp nayo huenda ikagoma, na dalili iliyokuwa inakuelekeza kwenye chanzo inapotea. Pima kwanza, zima baadaye.

Kisha fanya mambo haya matatu:

1. Zima data ya simu, uiache waifai peke yake. Sasa data ya simu haiwezi kuingilia.
2. Zima VPN, na zima programu yoyote ya kuzuia matangazo. Nyingi kati ya hizo hujiweka katikati ya simu na DNS, na zikikwama zinaleta dalili hizihizi.
3. Tuma ujumbe mmoja wa WhatsApp na uangalie alama yake. Ikibaki saa ndogo, ujumbe haujatoka kwenye simu. Ikitokea tiki moja, umefika kwenye seva, maana yake intaneti ya aina fulani ipo.

Kama umepata tiki ukiwa kwenye waifai tu, tayari umejua jambo kubwa: ruta inapitisha kitu. Kinachobaki ni kujua inapitisha nini na inakataa nini.

Kipimo cha kwanza: je, unaifikia ruta?

Fungua mipangilio ya waifai na uguse jina la mtandao uliounganishwa. Kwenye Android tafuta mstari wa `Gateway`, na kwenye iPhone gusa alama ya `i` utafute `Router`. Utakuta namba, mara nyingi `192.168.1.1` au `192.168.0.1`. Ruta nyingi za Huawei zinazotumia laini ya simu zina `192.168.8.1`, na za faiba zina `192.168.100.1`. Iandike namba hiyo kwenye kivinjari, mahali pa kuandika anwani ya tovuti.

Ukiona ukurasa wa kuingilia wa ruta, kipande cha kwanza cha njia ni kizima. Usipouona, rudi kwenye mipangilio uangalie anwani ya simu yenyewe. Ikianza na `169.254`, simu haikupewa anwani na ruta, na hapo hakuna haja ya kumpigia mtu yeyote. Sahau mtandao huo kwenye simu, uunganishe upya kwa nywila, na ikishindikana ndipo uzime ruta na kuiwasha. Angalia pia kama simu nyingine ndani ya nyumba zina tatizo hilohilo. Kama ni yako peke yake inayosumbua, kosa liko kwenye simu.

Kipimo cha pili: je, namba inafunguka?

Hiki ndicho kipimo chenye uzito kuliko vyote. Andika hivi kwenye kivinjari, pamoja na `https`:

```
https://1.1.1.1/cdn-cgi/trace
```

Hiyo ni anwani ya huduma ya DNS ya kampuni ya Cloudflare, iliyofunguliwa kwa umma mwaka 2018. Kwa kuwa umeandika namba na si jina, simu haihitaji kumuuliza mtu yeyote njia. Jibu likija, ni maandishi machache yasiyo na picha, na baadhi ya mistari yake inafanana na hii:

```
h=1.1.1.1
ip=203.0.113.25
ts=1718000000.123
colo=DAR
loc=TZ
```

Mstari wa `ip` ni anwani unayoonekana nayo duniani. Mstari wa `colo` ni herufi tatu za uwanja wa ndege ulio karibu na kituo kilichokujibu, mfano `DAR` kwa Dar es Salaam, `NBO` kwa Nairobi au `MBA` kwa Mombasa. Mstari wa `ts` ni muda. Pakia ukurasa upya uone kama namba ya `ts` imebadilika. Ikibadilika, una hakika kwamba hujaonyeshwa ukurasa wa zamani uliohifadhiwa kwenye simu, bali jibu limetoka nje sasa hivi.

Ukurasa huo ukifunguka, ruta yako ina intaneti. Acha kumlaumu mwenye waya, acha kugusa nyaya, nenda kipimo cha tatu. Usipofunguka ilhali ruta ilionekana kwenye kipimo cha kwanza, basi kuna mkatiko au kizuizi baada ya ruta, na sehemu ya kuitazama ruta kwa ndani hapa chini ndiyo yako.

Watu wengi hukimbilia kupima kasi badala ya kipimo hiki. Kupima kasi hakukuambii njia imekatika wapi, na kwenye ruta ya laini ya simu kunaweza kumeza megabaiti mamia kwa mara moja.

Kipimo cha tatu: je, jina linafunguka?

Sasa andika `http://example.com`. Ni ukurasa mwepesi uliowekwa kwa ajili ya mifano, wenye maneno machache tu, na wengi hawajawahi kuufungua, hivyo simu haina nakala yake. Ukifunguka, majina yanafanya kazi. Usipofunguka, usifunge ukurasa wa kosa kabla hujausoma. Kwenye Chrome, maandishi madogo ya herufi kubwa yaliyo chini yake ndiyo yanayotaja ugonjwa:

- `ERR_NAME_NOT_RESOLVED`, au chochote kinachoanza na `DNS_PROBE`: jina halikupatiwa namba. Kama kipimo cha pili kilifunguka, tatizo ni DNS.
- `ERR_CONNECTION_TIMED_OUT`: namba ilipatikana, lakini aliyeko upande wa pili hakujibu. Fikiria bando lililokwisha, kizuizi, au njia iliyokatika mbele.
- `ERR_INTERNET_DISCONNECTED`: simu yenyewe inaona haina mtandao wowote. Rudi kipimo cha kwanza.
- `NET::ERR_CERT_DATE_INVALID`: mara nyingi saa au tarehe ya simu imekosewa. Iweke ijisahihishe yenyewe kisha ujaribu tena.

Namba ikifunguka na jina likakataa, umemkamata mwizi: ni DNS. Vyote viwili vikikataa, ni intaneti au bando. Vyote viwili vikikubali na tovuti moja tu ndiyo inayogoma, tovuti hiyo ndiyo yenye matatizo, wala si ruta yako.

Itazame ruta kwa ndani

Vipimo vya simu vinaonyesha hali kutoka upande wako. Ruta nayo inajua hali ya upande wake wa nje. Ingia kwenye ukurasa wake kwa jina na nywila, ambavyo kwa kawaida vimeandikwa kwenye kibandiko kilicho chini ya ruta, kisha tafuta sehemu iliyoandikwa `Status` au `WAN`.

Angalia anwani ya WAN. Ikiwa `0.0.0.0` au mahali pake pako wazi, ruta haijapewa anwani na mtoa huduma, na intaneti haipo. Ikianza na 10, au ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, usishtuke. Hiyo ni namba ya ndani ya mtandao wa mtoa huduma, ambaye huwapitisha wateja wengi kwenye anwani moja ya nje, na intaneti hupita bila shida.

Ruta nyingi pia zina sehemu ya `Diagnostics`, au `Maintenance`, yenye kipimo cha `Ping`. Hapo ruta yenyewe ndiyo inayouliza, na simu yako haihusiki. Ipe kwanza `8.8.8.8`, kisha uipe `google.com`. Namba ikijibu na jina likakataa, umethibitisha kwa mara ya pili kwamba laini ni nzima na seva ya majina ndiyo iliyolala. Namba isipojibu, laini ndiyo mbovu.

Kwa wenye faiba, taa nazo zinasema. Taa ya `LOS` ikiwaka au kumeta nyekundu, mwanga haufiki kwenye kifaa: waya umekatika, umekunjwa vibaya, au umechomoka. Taa ya `PON` ikimeta bila kutulia, kifaa kinaona mwanga lakini hakijakubaliwa na mtambo wa mtoa huduma. Taa ya `PON` ikitulia kijani, mwanga uko sawa, ila hiyo peke yake haithibitishi kwamba majina yanafunguka.

Mwenye kompyuta anaweza kupima yote kwa amri tatu, akiweka namba ya ruta yake mahali pa ile ya kwanza:

```
ping 192.168.1.1
ping 1.1.1.1
ping example.com
```

Kisa kimoja, hatua kwa hatua

Dada mmoja ana saluni Tabata, Dar es Salaam, na wateja wake hupewa nywila ya waifai wakisubiri zamu. Asubuhi moja simu zote zilikuwa zinapokea WhatsApp, lakini yeye alishindwa kufungua tovuti ya benki, na mteja mmoja alishindwa kufungua gazeti. Alipiga simu huduma kwa wateja.

"Dada, taa za ruta zikoje?"

"Zote kijani, kaka. Ya LOS imezimika."

"Basi huku kwetu kila kitu kiko sawa. Zima ruta, subiri kidogo, washa."

Kabla ya kuizima, alipima. Alizima data ya simu yake na kuiacha waifai peke yake. Ujumbe wa WhatsApp ulipata tiki. Aliandika `192.168.100.1` na ukurasa wa ruta ukaja mara moja. Aliandika `https://1.1.1.1/cdn-cgi/trace` na maandishi yakatokea, `colo=DAR`, na alipopakia upya `ts` ikabadilika. Aliandika `http://example.com` na kupata `ERR_NAME_NOT_RESOLVED`. Alijaribu kwa simu ya msaidizi wake, jibu likawa lilelile, kwa hiyo kosa halikuwa la simu moja.

Aliingia kwenye ruta. Anwani ya WAN ilikuwepo. Alipima `8.8.8.8`, ikajibu mara 4 kati ya 4. Alipima `google.com`, ikashindwa kupata namba yake. Hapo picha ikakamilika: mwanga unafika, laini ni nzima, ruta ina intaneti, lakini seva za majina alizopewa na mtoa huduma hazijibu. Kuzima na kuwasha ruta kusingesaidia, maana baada ya kuwaka ingepewa seva zilezile. Jibu la "kila kitu kiko sawa" lilikuwa kweli kwa mwanga, si kwa majina.

Kwenye ukurasa wa ruta alitafuta mipangilio ya `DHCP`, mahali ruta inapoziambia simu zitumie DNS ipi. Aliweka ya kwanza `1.1.1.1` na ya pili `8.8.8.8`, akahifadhi, kisha akawaambia wateja wazime waifai na kuiwasha ili simu zao zichukue maelekezo mapya. Tovuti ya benki ilifunguka. Ndipo akapiga simu tena, safari hii akisema: "Kaka, namba zinajibu, majina hayajibu. Seva zenu za DNS zimelala." Alipewa namba ya taarifa bila kuambiwa tena azime ruta.

Ukigundua ni DNS, fanya hivi

Ukiweza kuingia kwenye ruta, njia ya saluni ndiyo bora, kwa sababu inatibu simu zote kwa mara moja. Baadhi ya watoa huduma hufunga mipangilio hiyo. Hapo tibu simu moja moja.

Kwenye iPhone, gusa alama ya `i` pembeni ya jina la waifai, shuka hadi `Configure DNS`, chagua `Manual`, futa zilizopo na uongeze `1.1.1.1` na `8.8.8.8`. Mabadiliko yanahusu waifai hiyo tu.

Kwenye Android, hariri mtandao wa waifai, fungua mipangilio ya ziada, na ubadilishe `IP settings` kutoka `DHCP` kwenda `Static`. Acha anwani ya simu na ya `Gateway` zilizokuwepo, na ujaze `DNS 1` na `DNS 2`. Tatizo likiisha rudisha `DHCP`, kwa sababu ukiishikilia anwani hiyo siku nyingi, ruta inaweza kuigawa kwa simu nyingine na mkagongana.

Kuna mtego mmoja hapa. Tangu Android 9 ya mwaka 2018, simu zina mpangilio wa `Private DNS`, na wengi hushauriwa waandike humo `dns.google` au `one.one.one.one` kama dawa. Mpangilio huo unapokea jina tu, haupokei namba. Na ili simu ilipate jina hilo, inabidi imuulize DNS wa waifai, ambaye ndiye aliyekufa. Kwa hiyo hautibu DNS iliyolala. Zaidi ya hapo, mara nyingi wenyewe ndio chanzo: mtu aliandika humo jina la huduma ya kuzuia matangazo zamani, akasahau, na siku huduma hiyo isipofikika, Android haigeukii nyingine, inakataa majina yote. Kama simu yako peke yake inasumbua na za wengine ni nzima, nenda kwenye `Private DNS` kwanza na uchague `Automatic`.

Ukiingia kwenye ruta na kukuta DNS ambayo si ya mtoa huduma wala hujaiweka wewe, chukua tahadhari. Mwenye kumiliki DNS yako anaweza kukupeleka kwenye tovuti bandia. Ibadilishe, na ubadilishe nywila ya kuingilia kwenye ruta, siyo ya waifai peke yake.

Kama ni bando au malipo

Majina yakipatikana lakini kila tovuti inachelewa hadi inakata, na WhatsApp inapita vizuri, andika `http://neverssl.com`. Tovuti hii haitumii `https` kwa makusudi. Kifurushi kinapoisha, watoa huduma wengi hujaribu kukugeuzia kwenye ukurasa wao wa malipo, na waifai za hoteli nazo hukugeuzia kwenye ukurasa wa kujisajili. Mgeuzo huo hauwezekani kwa usahihi kwenye tovuti zenye `https`, kwa sababu kivinjari kinagundua kwamba anayejibu siye aliyeulizwa, kinakataa. Kwenye `neverssl.com` ukurasa wa malipo hupata mlango wa kutokea. Ukiuona, lipa au jisajili, na habari imeisha. Kwa ruta ya laini ya simu, angalia salio la laini iliyomo ndani ya ruta, siyo la simu yako.

Vipimo hivi vinapofikia mwisho

Kipimo cha `1.1.1.1` kinatumia mfumo wa namba wa zamani, IPv4. Watoa huduma wengine hutoa pia mfumo mpya, IPv6. IPv4 ikikatika na IPv6 ikabaki, utaona jambo la ajabu: Google, YouTube na Facebook zinafunguka hadi video mpya, wakati kipimo cha pili kinakataa na tovuti nyingi ndogo hazifunguki, kwa sababu hazina IPv6. Hilo si la kutibu nyumbani. Ni la mtoa huduma, na umwambie hivyohivyo.

Pia vipimo hivi vinajibu ndiyo au hapana, havipimi ubora. Kama kurasa zinafunguka kwa kusuasua, pima tena ukiwa umesimama karibu na ruta. Mambo yakiwa mazuri hapo na mabaya chumbani, tatizo ni umbali na kuta.

Unapopiga simu

Mtoa huduma akipokea, usianze na "intaneti haifanyi kazi". Mpe mambo manne: ruta inafikika au haifikiki, anwani ya WAN ipo au ni `0.0.0.0`, namba `1.1.1.1` inajibu au haijibu, na jina linafunguka au linatoa kosa gani. Piga picha ya skrini ya ukurasa wa kosa na ya ukurasa wa ruta, zote zikionyesha saa. Omba namba ya taarifa na uihifadhi. Mwenye majibu hayo manne mkononi hatumiwi fundi wa kubadilisha waya mzima, wala haambiwi azime ruta kwa mara ya tano.